Kanga nyekundu imechuja kwenye mashati meupe ya shule: rangi inatokaje?

*"Shikamoo. Naishi Sakina, Arusha. Jana nilifua kwenye mashine, nyuzi joto 40, mashati manne meupe ya shule, shuka jeupe la pamba na soksi za mtoto. Kanga mpya nyekundu ilikuwa imejificha ndani ya shuka, sikuiona. Vyote vimetoka pinki. Jirani kaniambia niloweke kwenye chumvi na siki. Nimeloweka usiku kucha, hakuna kilichobadilika. Shati moja nilikuwa nimeshalipiga pasi. Sasa nina chupa ya Jiki mkononi. Nimimine tu? Shule inafungua Jumatatu ijayo."*

Marahaba, dada. Hiyo chupa ya Jiki iweke chini kwanza. Nguo zako zimelala kwenye siki, na siki ikikutana na Jiki inatoka gesi ya klorini, ambayo inachoma macho, koo na mapafu. Kwenye bafu dogo lenye dirisha lililofungwa kwa sababu ya baridi ya Julai, gesi hiyo ni hatari kweli. Kwa hiyo kazi ya kwanza, kabla ya kuwaza rangi, ni kuzisuuza nguo zote kwa maji mengi mara tatu au nne, mpaka ukinusa kitambaa usisikie siki kabisa. Chupa ya siki itoe hapo unapofulia. Ndimu na limau nazo ziwe mbali, maana zina tindikali na zitafanya yale yale.

La pili: usianike na usipige pasi nguo yoyote mpaka uridhike kuwa imetakata. Zikae mbichi. Kama leo huna nafasi ya kuendelea, ziache ndani ya ndoo ya maji safi. Rangi iliyohamia kwenye kitambaa kibichi bado haijatulia. Maji yakikauka, chembe zake zinajisogeza karibu zaidi na nyuzi, na kila mara unapokausha unajiongezea kazi.

Sasa nikueleze kilichotokea ndani ya mashine, kwa sababu ukikielewa utajua mwenyewe kwa nini chumvi haikusaidia.

Kiwandani, kitambaa cha pamba kikitiwa rangi, si rangi yote inayoshikana na uzi. Sehemu kubwa inajifunga humo, na hiyo haitoki kirahisi. Sehemu nyingine inabaki imejishikiza juu juu, kama abiria aliyening'inia mlangoni mwa daladala. Kiwanda makini huiondoa sehemu hiyo kwa kuosha kitambaa mara nyingi kwenye maji ya moto na sabuni. Kuosha huko kunakula maji, kuni au umeme, na muda, kwa hiyo viwanda vingi hupunguza. Kanga mpya inakufikia ikiwa bado na rangi hiyo ya ziada, na rangi nyekundu nzito huwa nayo kwa wingi kwa sababu ili wekundu ukolee lazima rangi nyingi itumike. Ikikutana na maji ya uvuguvugu na sabuni, inashuka majini. Mashati na shuka vina pamba, na pamba inaipenda rangi hiyo, kwa hiyo inaipokea.

Habari njema iko hapo hapo. Rangi iliyohama kutoka kwenye kanga imeshapoteza uwezo wa kujifunga kwa nguvu, na ndiyo maana ilihama. Kwenye mashati yako imeshikiliwa kwa mvuto dhaifu tu. Maji ya moto, sabuni na nafasi ya kutosha ndani ya ndoo vinaweza kuishawishi ishuke tena.

Na chumvi? Sisi tunaofanya kazi ya kutia rangi tunaimwaga chumvi kwenye beseni la rangi kwa makusudi, tena nyingi, ili rangi itoke majini na kuingia kwenye pamba. Ndiyo kazi yake. Ukiloweka shati lililochafuka rangi kwenye maji ya chumvi, unaiambia rangi ibaki pale ilipo. Jirani yako hakukutakia mabaya. Ushauri huu umeenea Tanzania nzima, na wengi wanaloweka kanga mpya kwenye chumvi wakiamini wanaikaza rangi. Wanachoona ni maji kutokuwa mekundu sana siku hiyo, kwa sababu chumvi imeizuia rangi kushuka. Wakija kufua bila chumvi, inashuka kama kawaida. Siki nayo ina kazi kwenye sufu na hariri, ambazo hutiwa rangi kwa tindikali. Kwenye pamba haikazi wala haitoi.

Hukuharibu kitu kwa kuloweka usiku mmoja. Umechelewa kidogo tu. Hebu tuanze.

Utatumia ndoo badala ya mashine, kwa sababu kwenye ndoo unayaona maji yanavyobadilika. Tenganisha nguo: mashati peke yake, shuka peke yake, soksi peke yake. Maji yanayotakiwa ni ya nyuzi joto kama 60. Huna haja ya kipimajoto. Hapa Arusha, kwa sababu tuko juu, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Changanya ndoo nusu ya maji yaliyochemka na nusu ya maji ya bomba, utapata karibu 60. Vaa glavu na tumia mwiko au fimbo kugeuza, maana joto hilo linaunguza mkono.

Tia sabuni ya unga kiasi chako cha kawaida, weka mashati manne ndani ya maji yasiyopungua lita 10, yageuze kwa robo saa. Utaona maji yanakuwa pinki, na hapo ufurahi. Yamwage yangali ya moto. Ukiyaacha yapoe nguo zikiwamo, sehemu ya rangi itarudi kwenye pamba, na hili ndilo kosa ninaloliona mara nyingi: mtu analoweka vizuri, halafu anaziacha nguo kwenye yale maji mekundu hadi kesho. Rudia kwa maji mapya na sabuni mpya. Ukifika mahali maji yanabaki meupe, sabuni imemaliza kazi yake. Kwa kanga iliyochuja mara moja kwenye nyuzi 40, mara nyingi hapa utakuwa umeshaondoa zaidi ya nusu ya upinki. Kinachobaki kinahitaji dawa.

Dawa ninayoipendekeza ni ule unga wa kuondoa madoa unaotumia oksijeni, unaouzwa supamaketi kwenye makopo au pakiti. Kiini chake kinaitwa sodiamu perkaboneti. Ukiutia kwenye maji ya moto unatoa povu na vipovu vidogo vidogo, na hiyo ndiyo dalili kuwa bado una nguvu. Ndani ya maji unagawanyika kuwa haidrojeni peroksaidi na magadi ya kufulia. Peroksaidi inaivunja rangi, magadi yanaisaidia ifanye kazi haraka. Soma pakiti uhakikishe haijaandikwa klorini, kwa sababu hiyo ni kitu kingine.

Kabla ya kuloweka, angalia nembo ya shule iliyoshonwa mfukoni. Chovya kitambaa cheupe kwenye dawa uliyoikoroga, kibonyeze juu ya nembo kwa dakika 10, kisha ukitazame. Kikiwa na rangi, fumua nembo uishone baadaye. Ni mishono michache, na ni afadhali hiyo kuliko shati jeupe lenye nembo iliyopauka.

Kwa ndoo ya lita 10 ya maji ya nyuzi 60, tia gramu 120 hivi za unga, yaani vijiko vinane vya chakula. Koroga mpaka uyeyuke wote, ndipo uingize mashati. Hakikisha yamezama. Weka sahani juu yake kama yanaelea, kwa sababu sehemu inayochungulia nje ya maji itabaki na doa. Usifunge ndoo kwa mfuniko wa kubana, maana gesi ya oksijeni inatoka na itausukuma mfuniko. Acha kwa muda wa saa sita. Baada ya hapo dawa imekwisha nguvu, na kuacha kwa muda wa saa kumi na mbili hakuongezi kitu.

Toa shati moja, lisuuze, litazame nje kwenye mwanga wa mchana. Taa ya ndani inadanganya, hasa ile ya njano. Hapa kuna kipimo kizuri: tazama uzi wa mshono kwenye ukosi na mapindo. Uzi wa cherehani siku hizi kwa kawaida ni poliyesta, na poliyesta haipokei rangi ya aina ya kanga ya pamba, kwa hiyo uzi ule umebaki mweupe tangu mwanzo. Linganisha kitambaa na uzi. Vikifanana, umemaliza. Kitambaa kikiwa bado na upinki kidogo, loweka tena kwa dawa mpya. Muhimu ni kwamba mara ya kwanza lazima uone mabadiliko ya wazi. Ukiloweka mara mbili na hakuna kilichopungua, dawa hiyo haiwezi kuiondoa rangi hiyo, usiendelee kuinunua.

Mashati ya shule mengi ni tetroni, yaani poliyesta iliyochanganywa na pamba, na hilo linakusaidia. Ile sehemu ya poliyesta haikuguswa; ni pamba tu iliyochukua rangi. Kwa hiyo nategemea mashati yako yatakate mapema kuliko shuka, ambalo ni pamba tupu. Usishangae shuka likihitaji awamu ya ziada.

Lile shati lililopigwa pasi lisikukatishe tamaa. Watu wanasema rangi ikipata moto wa pasi imekufa hapo. Maneno hayo yana ukweli kwa rangi za nguo za poliyesta, ambazo kwa joto kali zinapenya ndani ya uzi wa poliyesta na kubaki humo. Kanga yako kama ni ya pamba haikutiwa rangi ya aina hiyo. Pasi imeikausha tu rangi na kuisogeza karibu na pamba. Shati hilo lipe maji ya moto mara mbili zaidi ya mengine kabla ya dawa, na ulioshe kwenye ndoo yake.

Sasa turudi kwenye Jiki, maana najua iko nyumbani na unga ule unagharimu zaidi. Jiki inaweza kuondoa upinki kwenye pamba na tetroni nyeupe tupu. Naiweka nyuma kwa sababu mbili. Nguo nyeupe za dukani zina dawa ya kung'arisha inayozifanya zionekane nyeupe sana juani, na Jiki inaiharibu, hivyo shati linatoka na rangi ya maziwa mgando wakati mwenzake ni jeupe pe. Pia inadhoofisha pamba. Ukiitumia nzito, ukosi unaanza kuchanika baada ya miezi michache. Kama utalazimika, siki iwe imekwisha kabisa, milango iwe wazi, nembo iwe imefumuliwa. Tia mililita 50 kwenye lita 5 za maji baridi, koroga, ndipo uingize nguo. Usiimimine moja kwa moja juu ya kitambaa. Baada ya dakika 10 toa, suuza mara tatu. Usiichanganye na ule unga wa oksijeni wala na kitu kingine chochote zaidi ya maji. Na isiguse sufu, hariri, nailoni wala nguo inayovutika: inazila au inazigeuza njano.

Ukisikia harufu kali ya ghafla na kifua kubana, acha kila kitu kama kilivyo, toka nje kwenye hewa. Usirudi kumwaga ndoo. Kama kikohozi au kubanwa pumzi kunaendelea, nenda hospitali siku hiyo hiyo, na ueleze ulichanganya nini.

Kuna dawa ya tatu, yenye nguvu kuliko zote kwa rangi hizi, na hapa kwetu inapatikana kirahisi kwa sababu ya batiki. Watengenezaji wa batiki hutumia unga mweupe wenye harufu ya kiberiti, haidrosalfaiti, ambao wengi wanauita haidro. Rangi nyingi nyekundu zina kiungo katikati cha atomu mbili za naitrojeni, na wekundu wote unategemea kiungo hicho. Haidro inakikata. Kikishakatika, rangi inakufa na hairudi. Ukiiona ikifanya kazi utashangaa: upinki unapotea mbele ya macho yako ndani ya dakika chache.

Lakini haichagui. Inaua rangi ya nembo, ya mistari, ya kila kitu, kwa hiyo ni ya nguo nyeupe tupu, na kwako ningeiweka kwa shuka likikaidi. Ifanyie nje ya nyumba. Maji ya nyuzi 60 lita 5 kwenye ndoo ya plastiki, si sufuria ya alumini. Tia vijiko viwili vya chai vya magadi ya kufulia yaliyo meupe na safi, kisha vijiko viwili vya chai vya haidro, koroga taratibu, zamisha shuka dakika 15 hadi 20. Kama ndoo haitoshi shuka likazama lote, ongeza maji na dawa kwa uwiano huo huo. Suuza mara nyingi, kisha lifue kwa sabuni, harufu itaisha. Siku zote unga ndio unaoingia kwenye maji; usimwagie maji kidogo juu ya unga, kwa sababu haidro ikipata unyevunyevu inajipasha moto na inaweza kuwaka. Iliyobaki ihifadhi pakavu, mbali na watoto, na isikutane na Jiki wala siki. Kama hujawahi kuishika, ni busara zaidi kumpelekea mtengeneza batiki shuka lako umlipe akufanyie. Ni kazi anayoijua kwa mikono.

Bluu ya kufulia naomba usiitumie sasa. Bluu inaficha unjano. Juu ya pinki inakupa zambarau hafifu, na kisha utakuwa na rangi mbili za kuondoa. Ikiwa shati limetakata lakini limebaki na unjano kidogo, hapo bluu ina nafasi yake.

Soksi nitakwambia ukweli: zitazame kwenye lebo. Kama ni pamba, zifuate njia ya mashati. Kama zina nailoni nyingi, nailoni hunywa rangi nyekundu kwa nguvu sana na mara nyingi haiachii yote. Mpira wa kwenye kifundo nao hubaki pinki hata soksi ikitakata. Zipe unga wa oksijeni kwenye maji ya nyuzi 40, yaani sehemu moja ya maji yaliyochemka kwa sehemu tatu za bomba, mara moja tu. Zisipotakata, kununua soksi mpya ni nafuu kuliko dawa ya awamu ya pili.

Kama ndani ya mzigo ule kulikuwa na nguo ya hariri, suti ya sufu au gauni la harusi ambalo hukulitaja, hilo usiliguse kwa lolote kati ya niliyoeleza. Lisuuze kwa maji baridi, likunje kwenye taulo likiwa bichi na ulipeleke kwa drai klina siku hiyo hiyo. Mweleze rangi ilitoka kwenye nguo gani na umeshatia nini, na muulize kama atajaribu kwanza kwenye pindo la ndani. Asiyekuwa tayari kujaribu kwenye pindo, usimwachie.

Kwa muda ulionao, ningepanga hivi: leo kusuuza siki na kuosha kwa maji ya moto, kesho asubuhi unga wa oksijeni, jioni kukagua nje kabla giza halijaingia, na kesho kutwa awamu ya pili kwa yatakayokuwa yamebaki. Bado utakuwa na siku za kuanika, na kwa mawingu haya ya Julai utazihitaji.

Mashine nayo ina rangi iliyojificha. Futa mpira wa mlangoni kwa kitambaa cheupe, ukunjue mikunjo yake, kisha iendeshe tupu kwenye nyuzi 60 ikiwa na vijiko vinne vya ule unga wa oksijeni. Kanga ifue peke yake kwenye beseni, kwa maji ya uvuguvugu na sabuni bila chumvi, ukibadilisha maji mpaka yabaki meupe. Kisha ilowanishe pembe moja, uikunjie ndani ya kitambaa cheupe na uiwekee kitu kizito juu kwa nusu saa. Kitambaa kikitoka bila alama, kanga inaweza kuingia mashineni pamoja na nguo za rangi nzito. Na nguo nyeupe bado isichanganywe.